Ramani nyekundu ya Beni: nani alichagua upana wa duara?

Kila mara mauaji yanapotokea katika wilaya ya Beni, hazipiti siku nyingi kabla ya ramani kuanza kuzunguka katika makundi ya WhatsApp. Inaonyesha doa kubwa jekundu linaloanzia mji wa Beni na kupanda hadi Eringeti, likizungukwa na rangi ya machungwa, kisha njano. Dereva wa lori anaiangalia na kugeuza gari. Motari anapandisha bei ya safari. Shirika la msaada linasimamisha kazi kwa wiki mbili. Ni wachache wanaouliza swali ambalo lingepaswa kuja kwanza: doa hilo lina upana gani, na nani aliuchagua?

Watengenezaji huiita ramani ya joto. Siyo picha ya vita iliyopigwa kutoka angani. Ni hesabu iliyofanywa na kompyuta juu ya orodha ya matukio, na katika hesabu hiyo kuna namba moja ambayo mtu huichagua kwa mkono wake. Namba hiyo ikibadilika, ramani inabadilika kabisa, hata kama orodha ya matukio haikuguswa.

Ili kuelewa, msomaji afikirie mbabula katika kiwanja usiku. Karibu na makaa joto ni kali. Ukirudi nyuma hatua chache linapungua, na ukifika mbali hulisikii tena. Kompyuta hufanya vivyo hivyo: inaweka mbabula moja mahali pa kila tukio. Mahali ambapo joto la mbabula mbili au tatu linakutana, linajumlishwa, na rangi inazidi kuwa nyekundu. Umbali ambao joto la mbabula moja linakwisha kabisa ndio upana wa duara. Hapo utapimwa kuanzia katikati ya duara hadi ukingo wake.

Hapa ndipo matatizo yanapoanza. Chukua mfano mdogo wenye vijiji vitatu kwenye barabara moja. Kijiji cha kwanza kilishambuliwa mara moja. Kijiji cha tatu, kilomita 6 mbele, nacho kilishambuliwa mara moja. Kijiji cha pili kiko katikati kabisa, kilomita 3 kutoka kila upande, na hakuna kilichotokea pale. Mtengenezaji anachagua duara la kilomita 10. Kwa hesabu ambayo programu ya QGIS hutumia bila kuambiwa kitu kingine, joto la tukio moja mahali pake penyewe ni 1, na kwa umbali wa kilomita 3 linabaki 0,83. Kijiji cha katikati kinapata 0,83 kutoka kila upande, jumla 1,66. Vijiji viwili vilivyoshambuliwa vinapata 1 ya kwao na 0,41 kutoka kwa mwenzake, jumla 1,41.

Hesabu hiyo inastahili kusomwa mara ya pili. Kijiji ambacho hakikuguswa ndicho chekundu kuliko vyote. Hakuna aliyedanganya, hakuna tukio lililobuniwa, kila namba ni sahihi. Lakini mwalimu aliyepangiwa kazi katika kijiji hicho atakataa kwenda, na akina mama wanaopeleka ndizi sokoni watalipa zaidi.

Rudia hesabu hiyo kwa duara la kilomita 4. Sasa kijiji cha katikati kinapata 0,19 kutoka kila upande, jumla 0,38 tu, na vile viwili vinabaki na 1 kila kimoja. Ramani inaonyesha madoa mawili na kijiji kilichopumua kati yao. Kwa duara la kilomita 6, sawa na umbali kati ya matukio mawili, katikati tayari inazidi: 1,13 dhidi ya 1. Kwa hiyo kuna kipimo rahisi ambacho kila mtengenezaji angeweza kukishika. Kama vijiji viwili vinapaswa kuonekana kuwa mahali pawili tofauti, duara liwe dogo kuliko umbali kati yao, na si kwa kidogo.

Sasa mfano huo uletwe kwenye barabara ambayo watu wanaijua. Kutoka mji wa Beni kwenda kaskazini, Mbau iko karibu kilomita 20, Oicha karibu 30, Mayi-Moya karibu 40, na Eringeti inakaribia 60. Kati ya baadhi ya sehemu hizo kuna takriban kilomita 10. Anayeweka duara la kilomita 10 kwenye barabara hiyo anajua mapema atakachopata, hata kabla ya kusoma orodha: utepe mmoja mwekundu bila mkatiko. Duara la kilomita 10 linafunika kilomita za mraba 314. Wilaya nzima ya Beni ina karibu kilomita za mraba 7.500. Kwa eneo tupu, maduara 24 ya namna hiyo, ambayo hayagusani, yangetosha kulijaza. Na tangu Oktoba 2014, mashambulizi katika wilaya hii yamezidi 24 kwa mbali sana. Ramani ya namna hiyo haiwezi kuonyesha chochote isipokuwa kwamba Beni inateseka, jambo ambalo wakaaji wake hawahitaji ramani ili walijue.

Wengine hukimbilia upande wa pili. Wanachagua duara la mita 500, wakiamini kwamba kilicho kidogo ndicho sahihi. Ramani inajaa vidoa kama ndui, kila tukio peke yake, na jicho halioni kitu. Mbaya zaidi, udogo huo unadai ujuzi ambao haupo. Taarifa nyingi za mashambulizi hazisemi nukta. Zinasema «katika mashamba ya kakao magharibi ya kijiji fulani», au «kati ya Mayi-Moya na Eringeti». Mtu anayeandika orodha analazimika kuweka nukta mahali fulani, na mara nyingi anaiweka katikati ya kijiji, kwa sababu ndipo jina limeandikwa kwenye ramani. Waliouawa walikuwa shambani, labda saa moja ya kutembea kutoka hapo. Kama mahali panajulikana kwa kosa la kilomita 2 au 3, duara la mita 500 linapaka rangi nyumba ambazo hazihusiki.

Kwa hiyo duara lina sakafu na lina dari. Sakafu ni ukubwa wa kosa la mahali: lisiwe dogo kuliko umbali ambao nukta yenyewe inaweza kuwa imekosea. Dari ni umbali kati ya vitu ambavyo ramani inatakiwa kuvitenganisha: vijiji viwili, au barabara ya Oicha na ile ya Mbau–Kamango. Katika kaskazini ya Beni, kosa la kilomita 2 na vijiji vikubwa vilivyoachana kwa kilomita 10 vinaacha nafasi kati ya kilomita 3 na 5, hivi. Katika mitaa ya mji wa Goma, ambako wizi wa simu au ajali hujulikana kwa kona ya barabara, namba hiyo ingekuwa mita 200 au 300. Hakuna duara moja linalofaa kila mahali. Anayechukua namba ya mwenzake bila kuuliza anachukua pia swali la mwenzake.

Kuna mtego mwingine ambao unawapata hata watu makini. Wanaoandika orodha hizi kwa kazi, kama vile ACLED, huweka pembeni ya kila tukio alama ya 1, 2 au 3 inayosema mahali panajulikana kwa usahihi gani. Alama 1 ni mahali palipotajwa. Alama 3 ni kwamba taarifa ilitaja eneo kubwa tu, na nukta ikawekwa kwenye mji unaowakilisha eneo hilo. Mtu anapakua orodha, anasahau safu hiyo, anachora. Sasa kila taarifa iliyosema tu «katika wilaya ya Beni» inaweza kuangukia mji mmoja, kwa mfano Oicha, mji mkuu wa wilaya. Oicha imeona maovu ya kweli, tena mengi. Lakini sehemu ya wekundu wake kwenye ramani ya namna hiyo ni ya makaratasi. Dalili yake ni rahisi kuiona: fungua orodha, tafuta nukta zilizo na namba zilezile kabisa za mahali, zihesabu. Ukikuta tarehe tofauti nyingi zimelala juu ya nukta moja hadi tarakimu ya mwisho, hilo si fungu la mashambulizi, ni desturi ya mwandishi. Zenye alama 3 zitolewe kabla ya kuchora, na idadi yake iandikwe chini ya ramani.

Halafu kuna simu. Ramani nyingi ambazo watu wanaziona hazikuchapwa kwenye karatasi, ziko kwenye ukurasa wa mtandao ambao mtu anaukuza na kuupunguza kwa vidole. Huko duara mara nyingi halipimwi kwa kilomita, linapimwa kwa pikseli, yaani vitone vya kioo cha simu. Chombo kinachotumiwa sana, Leaflet.heat, kina pikseli 25 kama hakuna aliyekiambia vingine, pamoja na ukungu wa pikseli 15 pembeni. Karibu na ikweta, ambako Beni iko, pikseli 25 kwenye ngazi ya 8 ya ukuzaji ni kilomita 15. Kwenye ngazi ya 10 ni kilomita 3,8. Kwenye ngazi ya 13 ni mita 480 hivi.

Hiyo ndiyo sababu mtu anaona wilaya nzima inawaka, anakuza, na moto unavunjika vipande vipande mbele ya macho yake. Watu wawili wanaobishana juu ya ramani moja wanaweza kuwa wanaangalia maduara yanayotofautiana mara thelathini. Na picha inayopigwa kutoka kwenye kioo ili kusambazwa karibu daima ni ile ya mbali, kwa sababu ndiyo inayoenea vizuri kwenye simu na ndiyo inayotisha.

Anayechora kwa QGIS yeye ana hatari yake. Kifaa cha `Heatmap (Kernel Density Estimation)` kinapima duara kwa kipimo cha orodha yenyewe. Kama nukta ziko katika digrii, kama zinavyotoka kwenye simu nyingi, mtu anayeandika 5 akifikiria kilomita 5 anapata digrii 5, na digrii moja hapa ni karibu kilomita 111. Ramani itageuka rangi moja kutoka Kisangani hadi Kampala, na kosa hilo angalau linaonekana haraka. Dawa yake ni kuhamisha orodha kwanza kwenye mfumo unaopima kwa mita. Kwa Beni mfumo huo ni `EPSG:32635`. Kwa Goma, iliyo kusini ya ikweta, ni `EPSG:32735`. Jimbo la Kivu Kaskazini limekatwa na ikweta, na wengi husahau.

Hata ndani ya sakafu na dari, bado kuna kuchagua kati ya 3, 4 na 5. Hapo mtu asichague ile inayopendeza macho. Ajaribu zote. Doa linaloonekana kwa 3, likabaki kwa 4 na kwa 5, lina uzito. Doa linalozaliwa kwa 4 na kutoweka kwa 5 linastahili mashaka, na pengine ni matukio mawili yaliyokaribiana kwa bahati. Bahati hukaribianisha vitu kuliko watu wanavyofikiri: tupa punje za maharagwe juu ya mkeka na utaona mafungu ambayo hakuna aliyeyapanga. Ndiyo maana wanaojua kazi hii huiambia kompyuta itawanye idadi ileile ya matukio ovyo kando ya barabara zilezile, mara ishirini au zaidi, na kuchora kila mara. Kama ramani za ovyo zina madoa makali kama ya ramani ya kweli, basi ile ya kweli haijasema neno.

Jaribio lenye nguvu zaidi ni la wakati. Chora ramani kwa matukio ya miezi sita ya kwanza peke yake. Kisha chukua matukio ya miezi mitatu iliyofuata, ambayo ramani haikuyaona, na uhesabu mangapi yaliangukia ndani ya wekundu. Hapa kuna ujanja wa kuangalia: duara kubwa litashinda daima, kwa sababu wekundu wake ni mkubwa, kama mtu anayetupa wavu juu ya ziwa lote. Ili mashindano yawe ya haki, kila ramani ipewe eneo sawa, tuseme sehemu ya kumi iliyo kali zaidi ya wilaya. Duara ambalo sehemu yake ya kumi inakamata matukio mengi ya baadaye ndilo lililoona mpangilio. Ikiwa hakuna hata moja linalokamata zaidi ya moja katika kumi, ramani zote haziwezi kumwambia mtu wapi pa kuangalia kesho. Hilo nalo ni jibu. Wanamgambo wakihama kutoka mashariki ya barabara kwenda magharibi yake, ramani ya mwaka uliopita inabaki nyekundu mahali walipotoka.

Wako watu wa usalama wanaosema kwamba ubishi huu ni anasa. Kwao, ni afadhali wekundu uzidi kuliko upungue, kwa sababu anayeogopa bure anarudi nyumbani mzima. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, hasa kwa dereva anayelala njiani. Washambuliaji hutembea, na kijiji kilicho kilomita 3 kutoka kwa mauaji ya jana kweli hakiko salama. Lakini ramani inayojibu «wapi kunaweza kuwa na hatari kesho» ni tofauti na ile inayojibu «wapi mashambulizi yamejirudia». Ya kwanza inaweza kuwa na duara pana, ili mradi iseme hivyo. Ya pili ndiyo inayotumiwa kuamua wapi pawekwe kambi ya askari, zoni gani ya afya ipate dawa, barabara ipi isindikizwe. Askari wakitawanywa juu ya utepe wa kilomita 40 kwa sababu utepe wote ni mwekundu, hakuna kijiji kinacholindwa. Na hofu ya bure ina bei: kakao inaozea shambani, mgonjwa anakosa gari.

Vilevile kuna wakati ambapo ramani ya joto haipaswi kuchorwa kabisa. Kwa matukio kumi au kumi na mawili, nukta za kawaida zenye tarehe zinasema zaidi, na haziwezi kumpaka rangi jirani. Rangi laini inayoyeyuka pembeni inampa msomaji hisia kwamba kila kipande cha ardhi kimepimwa. Hakikupimwa. Msituni ambako hakuna mtandao wa simu na hakuna wa kutoa taarifa, ramani inabaki nyeupe hata kama kuna makaburi.

Kinachoweza kudaiwa kwa kila anayetangaza ramani hizi, awe shirika la raia, chombo cha habari au ofisi ya serikali, ni mstari mmoja chini ya picha. Useme matukio mangapi yamechorwa, ya tarehe gani hadi gani, mangapi yalitolewa kwa sababu mahali hapajulikani, na duara ni kilomita ngapi. Useme pia kama shambulio lililoua watu kumi limehesabiwa mara moja au mara kumi, kwa maana usiku mmoja mbaya unaweza kuwasha doa ambalo litaonekana kama mazoea ya mwaka mzima. Ramani isiyo na mstari huo isisambazwe, na aliyeipokea ana haki ya kumuuliza aliyemtumia.

Kwa ubakaji, mambo ni mengine. Hapo sakafu ya duara haitoki kwenye kosa la mahali, inatoka kwa mwathirika. Kituo cha afya kinaweza kujua nyumba kamili. Lakini duara la mita 300 katika kijiji chenye nyumba chache linamwonyesha mama huyo kidole mbele ya majirani na mbele ya waliomtendea. Hata kama data inaruhusu udogo huo, ramani inayotoka nje ya kituo ibaki kwenye kiwango cha zoni ya afya, bila joto na bila nukta, namba tu.